Meseji ya wateja nimeikata, icheki kabla sijaituma

Dada, ile meseji uliyonitumia usiku nimeisoma, mimi mwenyewe nipo hapo kazini kila siku lakini nilirudia mara tatu ndo nikaelewa tunafunga lini. Hii ndo ulioandika:

"Habari zenu wateja wetu wapendwa, ni matumaini yetu mko salama na mnaendelea vizuri na majukumu, kwanza kabisa tunapenda kuwashukuru kwa kutuunga mkono tangu tulipoanza mpaka hapa tulipofika maana bila nyie sisi si kitu, pili tunapenda kuwajulisha kwamba kutokana na kuhesabu stoo, zoezi ambalo tumekuwa tukiliahirisha mara kwa mara, hatutaweza kutuma mizigo Alhamisi na Ijumaa hivyo walio na oda wawe wavumilivu, lakini Jumamosi tutarudi kama kawaida na kuanzia hapo anayetaka mzigo utoke siku hiyo hiyo aagize mapema kabla ya saa sita mchana, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza na tunathamini sana uwepo wenu, karibuni sana."

Shukrani zako najua zinatoka moyoni, ila mtu akiifungua anakutana na salamu tupu, na WhatsApp yenyewe meseji ndefu inaikata inaweka "Soma zaidi", sasa mwenye oda ya Alhamisi asipobonyeza hapo atakaa anasubiri mzigo usiokuja na Ijumaa atatupigia kwa hasira, na atakuwa na haki yake.

Mimi nimeiweka hivi:

*HATUTUMI MIZIGO ALHAMISI NA IJUMAA (tarehe 5 na 6)*
Tunahesabu stoo.

*Umeshalipia?* Mzigo wako unatoka Jumamosi tarehe 7.

*Unataka kuagiza?* Andika hapa hapa siku yoyote, tutaanza kutuma Jumamosi.

*Kuanzia Jumamosi:* ukiagiza kabla ya saa 6 mchana mzigo unatoka siku hiyo hiyo, ukichelewa unatoka kesho yake.

Samahani kwa kuwachelewesha, na asanteni kwa kuwa nasi.

Hizo nyota ziache kama zilivyo, ikishatumwa maneno yanakolea yenyewe. Hiyo ya "kesho yake" nimeiongeza mimi maana hukusema atakayechelewa inakuwaje na hilo ndo swali la kwanza wataloniuliza, sasa niambie kama Jumapili tunatuma au inasogea Jumatatu, nitarekebisha.

Halafu kitu kingine dada, brodikasti inamfikia tu yule aliyeisevu namba yetu, wale wapya wa wiki hii wengi hawajaisevu, kwahiyo wenye oda za Alhamisi na Ijumaa nitawaandikia mmoja mmoja leo hii, wako kumi na nne tu. Nikipata jibu lako la Jumapili naituma.