Wakikuuliza "unataka shilingi ngapi", usijibu "chochote tu"

Wadogo zangu mliovaa majoho juzijuzi, hongereni. Picha tumeziona, keki tumekula, sasa tuongelee kitu ambacho hakuna mhadhiri aliyewafundisha, mshahara wa kwanza.

Mi ni mhasibu, nina miaka 14 kazini hapa Dar, na miaka sita ya mwisho nakaa upande wa pili wa meza, yaani nikiwa mmoja wa wale watatu wanaokuangalia huku unatokwa jasho na shati limekaza shingoni. Naandika haya kwa sababu wiki iliyopita tulifanya intavyu za msaidizi wa hesabu, na kwenye karatasi yetu bajeti ya nafasi ile ilikuwa laki 7 mpaka laki 9 kabla ya makato. Akaingia binti mmoja, kichwa haswa, Ekseli anaijua kuliko mimi, maswali yote kajibu kwa utulivu. Mwisho bosi akamuuliza unategemea mshahara kiasi gani. Akainamisha macho akasema "hata laki 5 kwa kuanzia sio mbaya, mtakavyoona nyinyi". Nikaona kalamu ya bosi inashuka kwenye karatasi, akaandika 500 akaizungushia duara. Sekunde tatu tu hizo! Nilibishana sana baada ya yule binti kutoka, tukamsogeza mpaka laki 6 na nusu, lakini laki 7 ambayo ilikuwa ndo sakafu yetu wenyewe hakuipata. Aliikataa kwa mdomo wake.

Na mi simcheki kwa sababu nilifanya hivyohivyo. 2011, kazi yangu ya kwanza, nikasema "chochote tu mtakachonipa, nia yangu ni kujifunza". Wakanipa 350,000. Miezi minne baadae mtu kasahau salari slipu kwenye printa, ya kijana tulioanza naye siku moja, meza zimegusana, 500,000. Nilikasirika nikadhani wananionea, kumbe mwenzangu aliulizwa swali lilelile akataja namba. Basi. Hakuwa na digrii mbili wala mjomba.

Tatizo letu tunachanganya adabu na kujishusha bei. Umelelewa kutoomba omba, mkubwa akikupa unapokea kwa mikono miwili, unashukuru. Sawa, hiyo ni nyumbani. Kazini umeulizwa swali, na kuulizwa bei ya kazi yako ukajibu "chochote" ni kama muuza duka Kariakoo aulizwe kitenge bei gani aseme toa tu ulichonacho mama. Tofauti na Kariakoo ni kwamba hapa hutaji milioni 3 ukitegemea kushushwa mpaka laki 8, maana yule wa Kariakoo humwoni tena, huyu utamwona Jumatatu asubuhi.

Sasa kabla hujataja namba, piga hesabu ya kinachobaki mkononi. Hapa ndo wengi mnapigwa. Ukiambiwa "laki 8" uliza kwanza ni kabla ya makato au baada. Tuseme ni kabla, na ulisoma kwa bumu la bodi ya mikopo. NSSF wanachukua 10%, hiyo 80,000. Inabaki 720,000 ambayo TRA ndo wanaikata PAYE, kwa viwango vya sasa ni 20,000 halafu 20% ya kila kinachozidi 520,000 mpaka 760,000, kwa hiyo 40,000 juu ya ile 20,000, jumla 60,000. Bado bodi ya mikopo, 15% ya mshahara wa msingi, 120,000 nzima. Unabaki na 540,000. Laki 8 imekuwa laki 5 na 40, na bado hujapanda daladala hata moja. Ikiwa milioni 1 kamili, ambapo kinachozidi 760,000 TRA wanakikata 25%, unaondoka na 647,000. Kwa hiyo ukibishana wee mpaka wakuongeze laki 2 juu ya laki 8, mfukoni kwako inaingia laki 1 na elfu 7 tu, uijue hiyo mapema usije ukachukua chumba cha bei kubwa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, ukaishia kukopa kwa simu.

Kama hukuchukua mkopo wa bodi, hiyo 15% haikuhusu, una unafuu, na wala huna haja ya kuwasimulia kwenye intavyu.

Namba yenyewe unaipata wapi? Usitafute mtandaoni, utakutana na mishahara ya Nairobi au ya watu wa migodini. Waulize waliomaliza mwaka mmoja au miwili kabla yako, kozi yako, mji wako. Usimuulize "we unalipwa ngapi", atakudanganya au atanuna. Muulize hivi, "kaka, mtu anayeanza kwenye nafasi kama yako, mjini hapa, akitaja laki 8 ataonekana wa ajabu?" Utajibiwa vizuri tu. Uliza watu watatu au wanne. Alafu weka namba mbili kichwani: moja ya kutaja, na moja ya chini ambayo ukipewa pungufu ya hapo nauli, chakula na kodi haviendi. Ya chini hutaji kwa mtu. Na usitaje kwa mtindo wa "kati ya laki 6 na laki 9", maana mwajiri amesikia laki 6, hiyo tisa imepita na upepo.

Ukishaitaja, nyamaza. Hapa nasisitiza kwa sababu nimewaona wengi wanaharibu hapahapa. Kijana anasema vizuri kabisa "kwa majukumu mliyoyaeleza nategemea laki 8 na nusu kabla ya makato", bosi anatazama karatasi, kimya cha sekunde nne, dogo anaanza "lakini hata laki 6 sio mbaya, inazungumzika". Nani kakuuliza?? Bosi alikuwa anatafuta miwani yake.

Sababu unazotoa ziwe za kazi. Mambo ya mama anaumwa, wadogo zako wanasoma, umetoka mbali, najua ni ya kweli na yanauma, ila kwenye bajeti hayana mstari. Sema ulifanya fildi miezi miwili ukafunga hesabu za mwezi mwenyewe, sema unajua mfumo wao, sema una leseni ya udereva kama kazi ina safari. Na usidanganye kuwa una ofa nyingine. Mji huu ni mdogo, wanaoajiri wanapigiana simu.

Mara nyingi ofa inakuja baadae kwa simu, ukiwa kwenye foleni au jikoni. Usikubali palepale. Sema asante sana, nimefurahi, naomba mnitumie kwa maandishi niipitie nitawajibu kesho kabla ya saa sita. Hakuna mwajiri wa maana anayefuta ofa kwa hilo. Alafu unaandika kitu kama hiki, huyu ni mdogo wangu nilimsaidia mwaka jana, ofa ilikuwa laki 7:

"Habari za asubuhi dada. Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya afisa manunuzi, nimeisoma na nina hamu ya kuanza. Kwa kuwa nafasi inajumuisha pia usimamizi wa stoo, kazi niliyoifanya nikiwa fildi kwa miezi mitatu, naomba mshahara wa msingi uangaliwe uwe 850,000. Kama bajeti ya sasa hairuhusu, naomba tukubaliane kwa maandishi tuupitie upya baada ya miezi mitatu ya probesheni. Niko tayari kuanza tarehe 1."

Fupi, haina kulialia. Wakarudi na 780,000 na ile ya kuupitia upya wakaiweka kwenye mkataba. Hilo neno "kwa maandishi" ndo lenye pesa, maana ahadi ya mdomo ya "tutakuangalia" mi nimeisubiri miaka miwili.

Wakisema kabisa mshahara hausogei, bado kuna vitu vinasogea. Bima ya afya. Usafiri au nauli. Bando kama utafanya kazi kwa simu yako. Ada ya mitihani ya bodi, kwetu wahasibu ile ya NBAA, hiyo ni hela kubwa. Likizo ya siku 28 kwa mwaka ni ya kisheria, usikubali kuuziwa kama zawadi.

Na kuna huyu mwajiri wa "tusikukate NSSF, tukupe yote mkononi". Inanukia vizuri eeh? Ujue sehemu yake yeye ya mchango pia anaikwepa, na hiyo ni hela yako. Anayekuambia utoe kitu kidogo ili upate kazi, huyo hata usimjibu, funga simu.

Kazi ya serikali hamna cha kujadili, ngazi zipo, TGS yako imeandikwa kwenye tangazo, tulia tu. Benki na kampuni kubwa zinazochukua wahitimu kwa mkupuo nazo mara nyingi wote mnaanza sawa, uliza mara moja kwa upole wakikataa songa.

Ngumu zaidi ni ile kazi uliyotafutiwa na mjomba au mzee wa kanisani. Hapo unaona ukifungua mdomo kuhusu hela umemvunjia heshima aliyekushika mkono. Mi nashauri uanze kwake yeye, kabla ya kwenda. "Shikamoo mjomba, nimeitwa, nashukuru sana. Wakiniuliza mshahara nilikuwa nafikiria laki 7, wewe unaonaje, haitakuletea maneno?" Akisema sawa una baraka zake, akisema shusha kidogo huenda anaijua ile ofisi kuliko wewe. Ila usimtume yeye akujadilie, utaanza kazi ukiwa mtoto wa fulani na utabaki hivyo mwaka mzima.

Kuna wakati pia utakubali hela ndogo na itakuwa sawa. Kama una miezi nane nyumbani, na pale kuna mtu atakayekufundisha kazi kweli, ingia. Omba tu kabla ya kuingia, kuambiwa hapana hakujamuua mtu, mi naambiwa hapana na bosi kila Juni tukipanga bajeti.

Yule binti wa laki 6 na nusu kaanza jana. Nilimkuta korido nikamuuliza kama ana swali lolote kuhusu mkataba. Akafikiria, akaniuliza mshahara unaingia tarehe ngapi na je probesheni ikiisha anaweza kuomba upitiwe upya. Nikamwambia tarehe 27, na hilo la pili aliandike leo hii, sahihi yangu iko tayari.