Re: Maswali ya vizimba 4 vya sato, Kayenze

Ndugu Katibu, salaam.

Majibu nimeyaandika chini ya kila swali. Mistari yenye alama ya > ni maneno yako, isiyo na alama ni yangu. Wewe umeweka namba 5, lakini maswali ni 7: namba 2 imebeba mawili, na jingine limekaa baada ya salamu zako za mwisho, mahali ambapo ni rahisi kulipita. Nimekata salamu, majina ya wanakikundi na barua zetu za Aprili. Ukijibu, bakiza swali linaloendelea tu, yaliyokwisha yafute.

Mwenyekiti aanze na namba 1, maana inaweza kuwaponza hela nyingi.

Jumatatu 12 Mei 2025, saa 2:15 usiku, Katibu aliandika:

> [...]
> 1. Tumepima kina karibu na mwalo, ni mita 4.5. Panafaa?

Hapana. Wavu ukizama mita 3, unabaki mita 1.5 tu juu ya tope. Kinyesi na chakula kilichoanguka vitarundikana hapo na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Upepo mkali ukikoroga maji, uchafu huo unapanda moja kwa moja kwenye kizimba. Sogeeni nje hadi mpate mita 6 au zaidi, mpime kwa kamba yenye uzito sehemu nne za eneo, na mkumbuke ziwa hupungua kiangazi. Mkondo uwepo, lakini mawimbi ya wazi yasiwe yanapiga fremu siku nzima.

> 2. Kizimba cha mita 5 x 5, wavu mita 3 ndani ya maji, tuweke vifaranga wangapi

4,500. Ujazo ni mita za ujazo 75, mara vifaranga 60 kwa kila mita ya ujazo. Msishawishike kupanda hadi 100 mwaka wa kwanza: mkivuna samaki 3,800 wa gramu 450, tayari ni kilo 1,710.

> na wawe wa ukubwa gani?

Gramu 10 kwenda juu, madume watupu. Majike hukua polepole. Wakifika, mifuko ielee ndani ya kizimba dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa, ili joto la maji lilingane.

> 3. Fundi anasema wavu mmoja wa inchi moja unatosha mwanzo hadi mwisho.

Hautoshi, vifaranga wa gramu 10 watapenya wote. Anzeni na tundu la milimita 8, mbadilishe kwenda milimita 19 wakifika gramu 40 hivi. Wa tundu dogo nao usikae muda mrefu, kwa sababu mwani huuziba na maji hayapiti. Wavu wa juu wa kuzuia ndege ni lazima.

> 4. Chakula kwa siku tunakadiriaje?
> [nimekata: bei za Machi, zimeshapitwa]

Kila wiki mbili vueni samaki 50, mpime kwa pamoja. Wakiwa kilo 7.5, wastani ni gramu 150. Samaki 4,400 × 0.150 = kilo 660. Kwa ukubwa huo wapeni asilimia 3, yaani kilo 19.8 kwa siku, kwa milo mitatu ya kilo 6.6. Tumieni chakula cha kuelea: kikibaki juu ya maji baada ya dakika 15, mlo unaofuata upunguzwe. Kwa msimu mzima tengeni kama kilo 2,700 kwa kizimba kimoja.

> 5. Vibali tuanzie wapi, na ada ni kiasi gani?

Anzieni kwa afisa uvuvi wa wilaya, mkiwa na ramani ya eneo jipya. Atawaelekeza kuhusu baraza la mazingira, NEMC, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Ada sijaijibu. Nitauliza Alhamisi na kuandika chini ya mstari huu huu, kwa hiyo usiufute.

> Wasalimie nyumbani. Halafu jirani alikuta samaki wake alfajiri wanahema juu ya maji, ni ugonjwa?
> [...]

Mara nyingi ni upungufu wa oksijeni, ambayo huwa chini kabisa alfajiri. Mwambie leo hii asiwalishe, maana samaki aliyekula hutumia oksijeni zaidi. Asafishe au abadilishe wavu ulioziba, na apime oksijeni kwa kifaa chake kabla jua halijachomoza: chini ya miligramu 3 kwa lita ni hatari, apunguze samaki au avute kizimba kwenye maji yanayotembea. Akiona vidonda au macho yaliyotokeza, hapo ampigie afisa uvuvi.

Kwako nasubiri kitu kimoja: vipimo vinne vya kina cha eneo jipya, kabla fundi wenu hajakata kamba za nanga.

Fundi wa vizimba, Kirumba