Salamu zako zimenifikia mimi, sio shangazi yako

Habari za jioni ndugu yangu, samahani kwa kukujibu nisiyekujua. Nimepata meseji yako ya leo mchana, ile inayoanza "Shikamoo shangazi, vipi goti baada ya opresheni", pamoja na ile voisi na picha ya mtoto ameshika kadi ya ugua pole. Mimi sio shangazi yako, nahisi namba imekosewa tarakimu moja hivi au aliibadilisha zamani na hukuambiwa, maana hii laini ninayo miaka mingi sasa.

Nimeona nikwambie mapema kwa sababu usiponisikia utadhani shangazi kasoma akanyamaza, na yeye huko alipo anaweza kuwa anajiuliza mbona kimya, na mgonjwa kimya kinamuuma sana jamani. Hebu muulize mtu wa nyumbani namba yake ya sasa, halafu meseji yako usiandike upya, iforwadi tu kama ilivyo pamoja na voisi, imetoka moyoni kabisa. Voisi niliisikiliza sekunde chache tu nikaiacha nilipoelewa sio yangu, na picha ya mtoto nimeshaifuta kwenye simu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Wala usijisikie vibaya, hujanisumbua hata kidogo. Mpe shangazi pole zangu pia, Mungu amjalie goti lipone vizuri atembee bila maumivu.