Tathmini ya Ripoti ya Maabara: Kupima Mchapuko wa Mvutano wa Dunia kwa Pendulamu

Alama: 20 kati ya 30

Nimeisahihisha ripoti yako kwa kutumia picha tatu ulizotuma, nikifuata vigezo saba vilivyochapwa kwenye karatasi ya zoezi. Picha ya kwanza inasomeka vizuri. Kwenye picha ya pili, kivuli cha mkono kimefunika sehemu ya jedwali, na katika safu ya mlalo ya tatu sikuweza kujua mara moja kama muda ulioandika ni sekunde 31.40 au 31.90. Kwa kuwa umeandika T² ya safu hiyo kuwa 2.465, na 31.40 gawanya kwa 20 ni 1.570 ambayo kipeo chake cha pili ni 2.465, nimechukua 31.40, na hukupoteza alama yoyote kwa sababu ya kivuli. Picha ya grafu imepigwa kwa upande, hivyo nukta nimezihakiki kwa kuhesabu miraba badala ya kupima kwa rula. Utakapotuma tena, weka karatasi mezani, simama juu yake na upige picha ukitazama chini moja kwa moja.

Kichwa na lengo: 2/2. Lengo linataja kinachopimwa na njia ya kukipima. Sina la kuongeza.

Vifaa na mchoro: 3/4. Orodha imekamilika, na umefanya jambo ambalo wengi husahau, yaani kuandika kipenyo cha tufe, sentimita 2.4. Alama moja imepotea kwenye mchoro, ambako mshale wa urefu L unaanzia kwenye kibano na kuishia kwenye fundo la uzi, juu ya tufe. Urefu wa pendulamu hupimwa hadi katikati ya tufe. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa sababu nitalirudia kwenye grafu na kwenye uchambuzi.

Utaratibu: 3/5. Kupima muda wa mibembeo 20 kwa pamoja badala ya mbembeo mmoja ni uamuzi mzuri: ukichelewa kubonyeza stopuwochi kwa sekunde 0.2, kosa hilo hugawanywa kwa 20 na kubaki sekunde 0.01 tu katika kila kipindi. Hata hivyo umeandika kwamba ulivuta tufe “pembeni kidogo”, na msomaji hawezi kurudia jaribio kwa maelezo hayo. Kanuni T = 2π√(L/g) inafaa kwa pembe ndogo tu; pembe ikiwa nyuzi 10, kipindi huongezeka kwa takriban asilimia 0.2, lakini ikifika nyuzi 30 ongezeko hukaribia asilimia 1.7. Taja pembe na useme uliipima kwa kipimapembe. Vilevile hukusema ulianza kuhesabu tufe likiwa wapi. Mahali panapofaa ni katikati ya njia yake, ambako linapita kwa kasi kubwa zaidi, na kwa hiyo wakati wa kupita unaonekana bila shaka.

Data: 5/6. Jedwali ni safi, vizio viko kwenye vichwa vya safu, na vipimo vya muda vyote vina tarakimu mbili baada ya nukta. Nimekokotoa upya T na T² katika safu zote tano na sikupata kosa. Alama iliyopotea ni ya kigezo cha kurudia kipimo: kila urefu umepimwa mara moja tu, hivyo hakuna njia ya kujua muda unatofautiana kiasi gani ukipima tena bila kubadilisha chochote.

Grafu: 3/5. Mihimili, skeli na nukta vimekupa alama zote tatu zinazohusika. Tatizo ni mstari. Umeulazimisha kupita mahali mihimili inapokutana, pengine kwa sababu kanuni inasema T² ni sifuri L ikiwa sifuri. Ukiitazama grafu yako kwa makini utaona nukta mbili za kwanza ziko juu ya mstari, ya kwanza kwa karibu milimita moja, na mbili za mwisho ziko chini yake kidogo. Nukta zilizotawanyika kwa bahati hazijipangi hivyo. Hizi zinaonyesha mstari wa kweli una mteremko mdogo kuliko huo. Weka rula juu ya nukta zenyewe bila kujali mstari unakata wapi, kisha tafuta mteremko. Kwa kutumia nukta ya kwanza na ya mwisho, ambazo mstari huo mpya unapita kwenye zote mbili:

mteremko = (3.673 − 1.257) / (0.900 − 0.300) = 4.03 s²/m

g = 4π² / 4.03 = 9.80 m/s²

Sasa urefushe mstari huo kuelekea chini hadi ukate mhimili wa L. Utaukata karibu na −1.2 cm. Nusu ya kipenyo cha tufe lako ni sentimita 1.2. Grafu yenyewe inakueleza kwamba kila urefu ulioandika umepungua kwa kiasi hicho, na kwa kuwa upungufu ni uleule katika vipimo vyote, hauathiri mteremko hata kidogo.

Uchambuzi: 3/5. Kanuni ni sahihi, kuingiza namba ni sahihi, na umelinganisha jibu na 9.81 m/s². Lakini umekokotoa g kwa kila safu, ukapata 9.42, 9.55, 9.61, 9.64 na 9.67, kisha ukachukua wastani, 9.578. Alama moja imepotea kwa kuandika tarakimu nne wakati urefu umepimwa kwa tarakimu tatu. Nyingine, iliyo nzito zaidi, imepotea kwa kutosema lolote kuhusu majibu hayo matano yanayopanda bila kurudi nyuma kadiri uzi unavyorefuka. Sentimita 1.2 ni sehemu kubwa ya uzi wa sentimita 30 na sehemu ndogo ya uzi wa sentimita 90, ndiyo maana safu ya kwanza iko mbali zaidi na 9.81. Wastani hauwezi kuondoa kosa linaloelekea upande mmoja daima.

Hitimisho: 1/3. Umejibu lengo, na alama hiyo ni yako. Sentensi “tofauti imesababishwa na makosa ya kibinadamu” haikupata alama kwa sababu haitaji kosa lolote, na pendekezo la “kuwa makini zaidi” halimwambii mtu afanye nini. Nilisikitika kuisoma, kwa kuwa vipimo vyako ni vya uangalifu mkubwa na vinastahili hitimisho linalovitetea. Andika kosa ni lipi, limepunguza g au limeiongeza, ushahidi wake uko wapi katika data, na litaondolewaje.

Maelekezo ya zoezi yanaruhusu kuwasilisha upya grafu, uchambuzi na hitimisho. Huhitaji kurudi maabara: tumia jedwali lilelile, chora mstari upya, pata g kutoka kwenye mteremko, eleza maana ya mahali mstari unapokata mhimili wa L, na urekebishe mshale kwenye mchoro ili ulingane na maelezo yako. Alama za mchoro, utaratibu na data zitabaki kama zilivyo. Nitapokea kazi hiyo hadi Ijumaa ijayo kabla ya kipindi cha kwanza.