Utetezi wangu mbele ya kikao cha familia

Mama, Mjomba, mke wangu, na nyie wanangu mliojipanga kwenye kochi langu kama ukuta wa kuzuia faulo, shikamooni na habari zenu, kila mtu achukue inayomhusu. Naona runinga imezimwa, na rimoti Mama ameikalia. Basi kesi yangu ya kuangalia mpira kupita kiasi ni nzito.

Nianze na kidhibiti kilichobandikwa ukutani. Kitinda mimba wetu kaambiwa shuleni achore familia. Mama yake kachorwa na hereni, bibi ana miwani, hata paka ana masharubu. Mimi nimechorwa kisogo. Mwalimu kauliza uso wa baba uko wapi, mtoto kajibu: "Uko upande wa televisheni." Sipingi. Tena kisogo kimefanana.

Ila mke wangu huwa ananiuliza: "Si usome matokeo tu kwenye simu?" Naomba nimjibu kwa tarehe: 7 Mei 2019.

Liverpool tulikuwa tumeshapigwa 3-0 kule Barcelona. Marudiano ni kwetu Anfield, Salah majeruhi, Firmino majeruhi. Moyoni nilishazika, nikakaa tu kama mfiwa. Mara Origi huyo, moja. Kipindi cha pili anaingia Wijnaldum, anatupia mawili, la pili likifuata la kwanza hata sijakaa vizuri. Jumla tuko sare. Dakika ya 79 tunapata kona, na hapohapo, Mjomba, usiangalie dari, ukaniuliza chaja ya simu yako iko wapi.

Nikageuza shingo. Sekunde nne, tano hivi. Trent akajifanya anaondoka kwenye kona, akageuka ghafla, akaupiga mpira, Origi akamalizia huku mabeki wa Barcelona bado wanatafutana. Niliporudisha macho, watu wameshakumbatiana. Goli lililotupeleka fainali nililiona kwenye marudio, nimeshika chaja mkononi. Na mtanicheka kwamba sikuliona, lakini mabeki wale nao hawakuliona, na wao walikuwa wanalipwa wawepo.

Mnadhani ni bahati mbaya ya siku moja? 16 Mei 2021, tunacheza na West Brom, 1-1, dakika 90 zimekwisha. Mke wangu akasema mpira umeshaisha huo, njoo tuage wageni. Nikatoka kama mtu mwenye adabu. Dakika ya 95 Alisson akafunga kwa kichwa. Alisson ni kipa, Mama. Anayevaa glavu. Katika historia yote ya klabu hakuna kipa aliyewahi kufunga kwenye mechi ya mashindano, na yeye akachagua dakika ambayo mimi niko getini nawaambia watu "karibuni tena".

Sasa hesabu, maana Mjomba anapenda hesabu. Ligi ina mechi 38. Mara dakika 90, ni saa 57. Mwaka una saa 8,760. Zinazobaki 8,703 zote ni zenu! Naam, naona mke wangu kanyoosha kidole. Ndiyo, sijaweka Ulaya. Wala makombe mengine, wala dakika za nyongeza, wala uchambuzi, wala ule muda refa anaposimama mbele ya skrini ya VAR kama mtu aliyesahau alichofuata. Tuendelee.

Na nikifungwa je? Oktoba 2020 Aston Villa walitupiga 7-2, nami nikaangalia hadi kipenga cha mwisho. Mama ulidhani nimeganda. Tatizo ni fainali ya Ulaya kule Istanbul, 2005. Milan walikwenda mapumziko wanaongoza 3-0. Tukarudisha yote matatu ndani ya dakika sita, tukabeba kombe kwa penalti. Tangu usiku ule mkono wangu hauwezi kuzima runinga. Villa wana saba, mimi bado napiga hesabu: tukipata moja la haraka hapa... Hayo si mapenzi tena, ni ugonjwa.

Basi niseme ninachoweza kuachia. Mechi za kirafiki za kabla ya msimu, zote, naacha. Labda kama kuna mchezaji mpya. Mapumziko naosha vyombo. Dakika 15 zinatosha sahani, sufuria yenye ukoko italowekwa hadi mwisho wa mchezo. Na kochi nitalikata kona kidogo, ili mchoraji wetu apate angalau shavu na sikio moja.

Nilikuwa na mengine, lakini hii ni mara ya tatu Mjomba anaangalia saa. Mjomba, si wewe uliyeitisha kikao, ukasisitiza kiishe kabla ya saa moja? Na hiyo kola nyekundu inayochungulia chini ya koti lako ni ya nini?

Mama, hebu inuka kidogo.