Barua Chini ya Mlango

Miezi 3 sikulipa kodi, na miezi yote hiyo mimi na mzee mwenye nyumba tukikutana koridoni kila mtu anaangalia ukuta. Yeye alishasema atanitolea vitu nje, mi nikamjibu aanze kwanza kuziba dari linalovuja, basi ikawa vita.

Usiku mmoja ndoo ikajaa tena, nikakaa kitandani nikaandika.

"Mzee, shikamoo. Dari linavuja kweli, ila sio sababu ya kutolipa. Kazi iliisha, nikaona aibu kukwambia, nikajificha nyuma ya dari. Nimepata kibarua, naomba nilipe kidogo kidogo mpaka deni liishe."

Nikaisukuma chini ya mlango wake, mkono unatetemeka.

Asubuhi akagonga. Barua iko mkononi, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea.

"Mwanangu, hilo dari nalijua toka mpangaji aliyepita, hela ya fundi sina, ndo maana nilikubana vile." Akaiangalia ndoo. "Lipa hivyo hivyo ulivyoandika. Lete stuli nipande nione panapovuja."

Nikaishikilia stuli kwa mikono miwili, yeye huko juu anagonga mbao moja moja.