Kwa Neema wa Oktoba

Pasua, Moshi
Jumapili, 28 Juni 2026

Mpendwa Neema,

Hujambo? Nakuandikia nikiwa likizo ya Juni, nimevaa masweta mawili, mlima umejificha kwenye mawingu wiki nzima. Dada ameitega barua hii ikufikie Jumamosi ya tarehe 17 Oktoba, kwenye ile simu aliyotuachia nyumbani. Tumechagua Jumamosi kwa sababu mama anakuwa Mbuyuni na ndizi zake, nyumba imetulia, na wewe una nafasi ya kujisikiliza.

Umemaliza mada ngapi za mtihani wa kidato cha nne, sikuulizi. Hilo walimu watakuuliza, shangazi atakuuliza, na jirani naye atakuuliza kila mkikutana bombani. Mimi nataka hali yako.

Unalala? Huku kwetu kuna wenzetu wanaosoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi ili wasisinzie. Bidii yao naiheshimu, ila ubongo huweka sawa ulichosoma wakati umelala, na mwalimu wetu wa Baiolojia hachoki kulisema. Kama umeshaanza kukesha, leo saa nne usiku funga daftari. Mtihani wa Hesabu una maswali 14 kwa saa tatu, hata dakika 13 kwa swali hazifiki. Kichwa kilichochoka kitazila dakika hizo kwa kusoma swali moja mara tatu.

Na kula je? Mtori wa asubuhi usiuache eti unawahi kipindi cha ziada.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mwingine atakayekuuliza. Hesabu siku zako. Zikiangukia wiki ya mtihani, mwambie mama mapema, pedi ziwe kwenye begi, dawa ya maumivu iwepo, na umjulishe mwalimu wa kike unayemwamini. Usilibebe peke yako mpaka ndani ya chumba cha mtihani.

Sasa Kemia, somo letu. Nataka ukumbuke siku ya taitresheni, asidi ikiwa kwenye bureti. Kundi zima lilikuwa linaharakisha, wewe ukainama mpaka jicho likalingana na mstari, ukasoma chini ya mbonyeo wa maji, ukaanza kudondosha tone moja moja huku ukizungusha chupa. Ile njano ya methili oranji ikakaa, ikakaa, kisha kwa tone moja tu ikageuka rangi ya chungwa. Ukafunga koki hapo hapo. Ukarudia, na majibu yakakaribiana. Mikono yako haikutetemeka, Neema. Ukiingia maabara siku ya praktiko, wengine wakianza kugonganisha vyombo, nenda kwa mwendo wako ule ule.

Bado unataka CBA kidato cha tano? Najua mjomba ameshapanga uende PCB uwe daktari, na anasema kwa mapenzi, tena ndiye aliyetusaidia sare. Lakini mimi wa Juni nimetoka Kibosho juzi. Bibi alinishika mkono akanipeleka hadi mwisho wa kihamba, akanionyesha kahawa ambayo punje zake zina madoa meusi yaliyodidimia, nyingine zimekaukia mtini. Chulebuni. Akaniuliza kwa upole kama shuleni tunafundishwa dawa yake. Watu wa utafiti wa kahawa pale Lyamungo wametoa miche inayostahimili ugonjwa huo, na mimi nataka siku moja nifanye kazi kama hiyo. Kama mawazo yamebadilika, sina neno, mradi umebadilika kwa kuona jambo jipya, si kwa kuchoka kubishana mezani. Yasipobadilika, ongea na mjomba kwa heshima baada ya mtihani, si sasa. Sasa kazi ni kupata C au zaidi kwenye Kemia, Baiolojia na Kilimo, na sisi tunalenga A.

Ukikwama kwenye swali, muulize Rehema. Anaelezea vizuri kuliko kitabu, na yeye akikwama kwenye Kemia anakuja kwako. Na mama akikaa pembeni yako usiku anachambua mchicha, usidhani anakulinda usisinzie. Anapenda tu kukuona unasoma. Mwache akae.

Huko Oktoba mijakaranda ya mjini itakuwa imechanua, pita chini yake ukitoka shule, hata kama njia ni ndefu kidogo. Una ruhusa yangu.

Ukimaliza kusoma, mjibu dada leo leo, neno moja linatosha: "salama" au "njoo". Tumeshakubaliana. Ukiandika "njoo", Ijumaa akitoka kazini Arusha anapanda gari, analala kwetu mpaka Jumapili, na hatakuuliza chochote mpaka uanze mwenyewe.

Nakupenda sana.

Ni mimi,
Neema wa Juni